Tarehe 12 ni tarehe 12: namna nilivyoomba kodi ya Juni isogezwe

Kuna watu wakichelewa na kodi wanamwambia landilodi "wiki ijayo". Wengine wanasema "pesa ikiingia tu". Na hapa Kampala ukishasema hivyo hujaomba muda, umempa mwenye nyumba kazi ya kukukumbusha, na yeye kila asubuhi atakuwa anaamka anajiuliza ile wiki ijayo ni ipi. Mi naona kinachomkasirisha mwenye nyumba sio pesa kuchelewa siku kumi, maana hata yeye anajua hii Uganda mishahara inavyotembea, kinachomkasirisha ni kutojua. Mpe tarehe moja, siku na saa, afu itimie. Sasa shida ni kwamba hiyo tarehe watu wanaiokota tu hewani, na mimi nataka nieleze namna ya kuihesabu, nikitumia mambo ya mwezi Juni 2025 maana ule mwezi ulikuwa na vituko vyake.

Kazi yangu ni ukalimani. Kiswahili, Kiingereza na Luganda. Kiswahili nimekipata kambini, mzee wangu alikuwa jeshini na kule watoto wote tulikuwa tunaongea hicho hicho. Wanaonipa kazi sana ni mashirika yanayohudumia wakimbizi, maana Wakongo walioko Nakivale na Kyangwali na Kyaka II wengi wanaelewa Kiswahili kuliko Kiingereza, kwa hiyo wokshopu ikifanyika mnaitwa. Mwanzo wa Mei nilikuwa Nakivale na shirika moja, nikafanya kazi, nikarudi Kampala, nikapeleka invoisi ya shilingi 1,400,000 tarehe 6 Mei. Mkataba unasema wanalipa ndani ya siku 30. Hesabu mwenyewe, siku 30 kutoka tarehe 6 Mei ni tarehe 5 Juni. Na kodi yangu ni 450,000, inatakiwa tarehe 1.

Nyumba yenyewe iko upande wa Kibuli, vyumba viwili na choo ndani, mwenye nyumba ni Hajati mmoja mtu mzima anaishi ploti hiyo hiyo, geti moja na sisi. Kwa kawaida hana neno ukilipa hata tarehe 3 au 4. Kwa hiyo mtu angeona kama hakuna shida kubwa, tarehe 5 shirika linalipa, tarehe 6 namwambia Hajati pesa hii hapa. Na ndo tarehe ambayo watu wengi wangeitaja.

Sasa chukua kalenda ya Juni 2025 uiangalie. Tarehe 3, Jumanne, ni Siku ya Mashahidi, watu wako Namugongo, ofisi zimefungwa. Tarehe 9, Jumatatu, ni Siku ya Mashujaa, zimefungwa tena. Na katikati hapo Idi ya kuchinja ikaangukia Ijumaa tarehe 6. Yaani kutoka Jumatatu tarehe 2 mpaka Jumanne tarehe 10, siku za kazi ni Jumatatu, Jumatano, Alhamisi, afu unaruka mpaka Jumanne. Invoisi yangu inaiva Alhamisi tarehe 5, siku moja kabla ya wikiendi ya siku nne. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua Alhamisi ya namna hiyo ikoje, saa nane mchana nusu ya watu wako barabarani wanaenda kijijini.

Na hata wangelipa hiyo Alhamisi, malipo ya shirika hayaruki kama ya simu. Wanalipa kwa EFT, inatoka benki yao inapita kwenye mfumo wa Benki Kuu ndo ifike benki yako, na siku ya sikukuu huo mfumo haufanyi kazi. Mhasibu akiituma Alhamisi jioni, benki itaishughulikia siku ya kazi inayofuata, na siku ya kazi inayofuata baada ya Alhamisi tarehe 5 ilikuwa Jumanne tarehe 10. Ikiingia kwangu Jumanne jioni sawa, ikiingia Jumatano nayo sawa. Kwa hiyo tarehe yenyewe ya kweli, ukiacha matumaini pembeni, ni Jumatano tarehe 11, na ukiongeza siku moja ya kupumua ni Alhamisi tarehe 12.

Tarehe 6 mpaka tarehe 12, ona tofauti hiyo. Na hakuna aliyedanganya, shirika liko ndani ya mkataba wake, mhasibu anafanya kazi yake. Ila mimi ningemwambia Hajati tarehe 6, afu nikaja kusema hapana ni 10, afu hapana ni 12, tarehe tatu ndani ya wiki moja, angenisikiliza ya nne?

Kabla sijaenda kwa Hajati kulikuwa na kitu cha kufanya kwanza, kujua invoisi iko wapi. Watu wanapiga simu ofisini wanauliza "malipo yangu vipi?" na wanajibiwa "iko kwa finansi". Hilo jibu halina kitu ndani yake. Invoisi kukaa kwa finansi inaweza kuwa ipo mezani chini ya karatasi nyingine, au ilishapitishwa inasubiri saini, na tofauti ya hayo mawili ni wiki mbili. Mimi huwa nauliza maswali ambayo hayawezi kujibiwa na "iko kwa finansi". Je, yule afisa wa mradi ameshasaini kwamba kazi ilifanyika? Iko kwenye listi ya malipo ya wiki gani? Wanaosaini benki ni wangapi na wote wako Kampala? Hilo la mwisho linaonekana la kimbea lakini ndo linalovunja watu, kwa sababu mashirika mengi malipo hayatoki bila saini mbili, na mmoja akiwa yuko safarini pesa zenu zote mnamsubiri yeye. Afu kitu kingine, hakikisha jina kwenye invoisi ni lile lile la akaunti ya benki, herufi kwa herufi. Kama akaunti ina majina matatu na wewe umeandika mawili, EFT inaweza kurudi, na ikirudi hakuna anayekupigia, unakuja kujua wewe mwenyewe ukianza kufuatilia.

Nilipopiga simu mwishoni mwa Mei mhasibu alikuwa muungwana, akaniambia afisa amesaini, niko kwenye listi ya Alhamisi tarehe 5, saini zimebaki mbili. Vizuri. Sasa nina tarehe ya kusimamia.

Afu kuna kiasi chenyewe. 1,400,000 kwenye invoisi sio 1,400,000 kwenye akaunti. Malipo yakizidi milioni moja, shirika kama hilo linakata ule ushuru wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, wa asilimia 6 kabla ya kukulipa. Hapo ni 84,000 imeondoka, inabaki 1,316,000. Kwangu mimi ilikuwa bado inatosha, lakini kuna jamaa anaahidi landilodi pesa yote akihesabu invoisi nzima, siku ikifika anakuta ana upungufu, na landilodi aliyeahidiwa yote akipewa pungufu anaona kama umemchezea.

Sasa twende kwa Hajati. Mtu angesema ngoja tarehe moja ifike kwanza, akiuliza ndo nieleze. Hapana. Ukieleza baada ya tarehe kupita inaitwa kisingizio hata kama maneno ni yale yale. Mimi nilimfuata Alhamisi tarehe 29 Mei jioni, kodi bado haijadaiwa. Na sikumtumia keateka. Keateka wetu ni kijana mzuri sana ila ukimpa ujumbe unafika ukiwa umevaa nguo nyingine, wewe umesema "nitalipa nusu Jumamosi", kule inafika "yule wa namba nne hana pesa".

Na Alhamisi ile ilikuwa na maana kwa sababu mwezi ulikuwa umeshaandama, Idi ishatangazwa Ijumaa ya wiki inayofuata, na Hajati ni mtu wa kuchinja kila mwaka. Hii naomba mtu aielewe vizuri maana hapa ndo ombi lote liliposimama. Mwenye nyumba naye ana kalenda. Kodi zetu za tarehe moja mwaka ule zilikuwa tayari zina kazi, kuna mbuzi wa kununua wikiendi hiyo kabla bei haijapanda zaidi, kuna wajukuu wanakuja. Mimi ningeenda na tarehe 12 peke yake, hata kama ni tarehe ya kweli namna gani, ningekuwa namwambia asubiri mpaka sikukuu yake ipite. Kwa hiyo nilikusanya kwanza. Nilikuwa na pesa kidogo ya kazi ndogo ndogo za kutafsiri vyeti, nikaitenga 200,000, nikaenda na ombi lenye vipande viwili.

"Asalaam aleikum Hajati."

"Waaleikum salaam mwanangu, karibu, kaa hapo. Umekuja na sura ya kodi."

Huyo ndo Hajati. Nikamwambia moja kwa moja, Hajati kodi ya Juni nitakupa kwa mara mbili, laki mbili Jumamosi hii tarehe 31, na laki mbili na nusu iliyobaki Alhamisi tarehe 12. Kuna kazi nilifanya Nakivale, malipo yake yameangukia katikati ya hizi sikukuu tatu.

"Sasa mwanangu Idi mimi nichinje nini, hiyo invoisi yako?"

Tukacheka wote wawili. Nikamwambia ndo maana laki mbili inakuja kesho kutwa kabla hujaenda sokoni. Hapo akanyamaza, akaniuliza swali ambalo wenye nyumba wote wanauliza na ambalo watu wengi linawashinda.

"Kwa nini si tarehe tisa? Au kumi basi."

Hapa mtu unakuwa na aibu, umekaa kwenye sebule ya mama wa watu, amekupa chai, amekukubalia kipande cha kwanza, na yeye anaomba siku mbili tu. Mdomo unataka kusema "sawa Hajati, kumi". Usiseme. Kama umehesabu ukapata 12, ukikubali 10 umeshaivunja ahadi ukiwa bado umekaa pale pale, imebaki tu siku ya kujulikana. Nikamwambia Hajati tarehe 9 ni Mashujaa benki zimefungwa, tarehe 10 ndo wanafungua na pesa inaweza kuingia siku hiyo au kesho yake, nikikuambia kumi nitakuwa nakudanganya. Ikiingia mapema nitaleta mapema, ila wewe andika 12.

Akaguna. Akachukua kidaftari chake, akaandika. Mimi naamini ile kukataa tarehe 10 ndo ilimfanya aamini ya 12, maana mtu anayetaka kukutoroka hawezi kubishania siku mbili, anakubali chochote.

Kitu ambacho sikukiongelea pale ni sheria. Tangu 2022 Uganda tuna sheria ya wenye nyumba na wapangaji, na inasema mpangaji hafukuzwi bila amri ya mahakama, sio kufunga kufuli mlango wa mtu kisa kodi imechelewa. Ni vizuri uijue. Ila ukienda kuomba muda ukaanza na mambo ya mahakama umegeuza ombi kuwa kesi, na mtu ambaye angekusubiri siku kumi na mbili anaanza kufikiria namna ya kukuondoa kwa utaratibu. Hiyo sheria ni ya siku ambayo amekuja na kufuli, na hata siku hiyo huku kwetu mtaanzia kwa chemani wa LC1, yaani mwenyekiti wa mtaa. Ila kuna kitu kimoja kwenye hiyo sheria kilinihusu. Mkataba unatakiwa uwe wa maandishi kuanzia thamani ya shilingi 500,000, na sisi wa chini ya hapo wengi tunaishi kwa mdomo tu, mimi na Hajati hatujawahi kusaini karatasi. Kwa hiyo tukishakubaliana kitu kipya lazima kiandikwe mahali, hata kama ni kwenye simu. Nilivyofika chumbani nikamtumia mesej, ya kawaida, sio wasap, maana simu yake ni ile ya vitufe:

"Hajati asante kwa kunipokea. Kama tulivyokubaliana leo: kodi ya Juni ni 450,000. Nitatuma 200,000 Jumamosi tarehe 31 Mei. 250,000 iliyobaki nitaleta Alhamisi tarehe 12 Juni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kodi ya Julai itakuja tarehe yake, 1 Julai. Ni mimi wa namba 4."

Akajibu "Sawa". Neno moja, linatosha.

Ukiiangalia hiyo mesej haina hadithi. Hakuna mgonjwa, hakuna ada ya shule, hakuna "Mungu akipenda" ya kukwepea. Sababu nilishamwambia kwa mdomo na ilikuwa sentensi moja. Wapo wanaoandika ukurasa mzima wa matatizo na tarehe wanaificha mwishoni au hawaiweki kabisa, na landilodi anasoma anasikia uchungu kidogo, afu anauliza sasa lini? Kile cha Julai nilikiweka kwa makusudi. Mwenye nyumba ukimwomba kusogeza anaogopa kitu kimoja ambacho hatakisema, kwamba sasa tarehe 12 ndo itakuwa tarehe yako ya kila mwezi. Na woga wake sio wa bure, kwa sababu ukilipa tarehe 12 Juni, Julai mosi iko siku 19 mbele yako, mwezi umekuwa mfupi. Wengi wanaanguka hapo, sio kwenye ile ahadi ya kwanza. Kwenye hesabu yangu niliandika kabisa: 1,316,000 ikiingia, toa 250,000 ya Juni, toa 450,000 ya Julai hapo hapo na uiweke pembeni, zinabaki 616,000 ndo za kula na usafiri na umeme. Kama hesabu hiyo ingeonyesha Julai haitoshi, basi ombi langu kwa Hajati lingekuwa la aina nyingine, labda kugawa kodi mara tatu, lakini tungeongea yote siku moja badala ya kurudi kwake tena na tena.

Sasa kuna sehemu ambayo nilipanga na sikumwambia mtu. Nilimpigia binamu yangu, anauza spea pale Kisekka, nikamuuliza kama tarehe 12 itafika sijapata, anaweza kunipa 250,000 kwa wiki moja? Akasema anaweza mradi nimwambie siku moja kabla. Hiyo simu niliipiga kabla ya kwenda kwa Hajati, sio baada. Kwangu ahadi ya tarehe ina maana pesa ya tarehe hiyo ipo hata kama yule anayekulipa hajalipa. Ukiwa na njia moja tu bado ni matumaini, mwambie mwenye nyumba ni matumaini, labda atakuelewa, lakini usimwambie ni ahadi. Mikopo ya simu nayo ipo, dakika mbili umepata, ila riba yake kwa pesa ya wiki moja inauma na ikichelewa inazidi kuuma, mimi naiweka nyuma kabisa ya ndugu na SACCO.

Jumamosi nikatuma 200,000. Nikatuma na ya kutolea, maana ukimtumia mtu kodi kwa mobail mani bila ya kutolea unampa pungufu, yeye akienda kwa ajenti atakatwa makato ya kutoa na ule ushuru wa serikali wa asilimia 0.5. Kwenye 200,000 ushuru peke yake ni 1,000. Ni pesa ndogo lakini mtu aliyekukubalia kusubiri usimfanye alipie na kusubiri kwenyewe. Jumapili mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba analia mpaka usiku, hatukulala, ila mimi sikuwa na haki ya kulalamika.

Alhamisi tarehe 5 ikafika. Mhasibu akaniambia listi imeandaliwa, aliyesaini ni mmoja, wa pili ameondoka asubuhi hiyo kwenda kwao Mbarara na atarudi baada ya Mashujaa. Sikushangaa sana. Jumanne tarehe 10 akarudi, akakuta makaratasi mengi, akasaini jioni. Jumatano hakuna kitu kwenye akaunti. Saa kumi jioni hiyo Jumatano nikampigia binamu, siku moja kabla kama tulivyosema, na Alhamisi saa tano asubuhi pesa yake ikawa kwenye simu yangu. Saa saba nikamtumia Hajati 250,000 na ya kutolea, nikampigia kumwambia. Alikuwa hata hajaangalia kidaftari, akasema alijua tu. EFT ikaingia Ijumaa tarehe 13, asilimia 6 imekatwa kama nilivyotegemea, na jioni hiyo binamu akarudishiwa zake.

Mtu anaweza kusema si ungemwomba Hajati siku moja zaidi, Ijumaa pesa ingekuwepo. Ndiyo, sasa hivi tunajua ni Ijumaa. Ile Alhamisi sikuwa najua, ingeweza kuwa Ijumaa, ingeweza kuwa Jumatatu, na ukishaomba siku moja bila kujua, umerudi kwenye "pesa ikiingia". Lakini kama binamu naye angekwama, nisingengoja saa kumi na mbili ya Alhamisi ipite kimya. Ningempigia Hajati Jumatano hiyo hiyo, siku moja kabla, na ningempa kiasi chochote kilichokuwepo mkononi pamoja na tarehe mpya iliyohesabiwa upya. Nadhani mara moja angenielewa. Mara ya pili sidhani, na mimi nikiwa yeye nisingeelewa.

Kuna habari ya risiti, nayo nisiiache. Ukilipa kodi vipande viwili unahitaji karatasi mbili, na zisiandikwe "kodi" tu. Ya kwanza nilimwomba aandike: Juni 2025, sehemu, 200,000, salio 250,000. Ya pili: Juni 2025, salio 250,000, imekwisha. Ukiwa na risiti mbili zilizoandikwa "kodi" tu, moja ya tarehe 31 Mei na nyingine ya tarehe 12 Juni, baada ya mwaka mtu akigombana na wewe hiyo ya Mei inaweza kusomwa kama ni ya Mei, na ghafla unadaiwa Juni laki mbili. Haijalishi ni Hajati mwema kiasi gani, siku moja ploti itakuwa mikononi mwa watoto wake na wao watasoma karatasi tu. Mesej za mobail mani nazo usizifute, zipige picha, na kabla ya kutuma angalia jina linalotokea kwenye skrini, maana laini ya Hajati imeandikishwa kwa jina la mwanae na mara ya kwanza nilisita kutuma mpaka nikaenda kumuuliza uso kwa uso kama ndo yenyewe.

Julai nililipa Jumatatu tarehe 30 Juni, siku moja kabla. Hajati akaniuliza kama nimekosea kalenda.